Mnara, Mini au Ol-in-wani: Kompyuta za Ofisi Ndogo na Siku Zitakapoharibika

Mwenye ofisi ndogo anayeingia katika maduka ya kompyuta ya Moshi au Arusha huonyeshwa maumbo matatu. La kwanza ni mnara, yaani kasha kubwa ambalo wengi huliita sipiyu, linalounganishwa na monita yake kwa waya. La pili ni mini, kisanduku chenye upana na urefu wa sentimita 18 hivi na unene wa sentimita tatu na nusu. La tatu ni ol-in-wani, ambayo kompyuta nzima imewekwa nyuma ya skrini. Muuzaji akiulizwa tofauti yake, mara nyingi huanza na prosesa na RAM, ilhali kwa kazi za ofisi hapo ndipo tofauti ilipo ndogo kabisa. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku zimeshatumika katika makampuni ya nje, na familia moja, kama OptiPlex ya Dell, ThinkCentre ya Lenovo au EliteDesk ya HP, hutengenezwa kwa umbo la mnara na la mini zikiwa na prosesa za kizazi kimoja. Mnara wa kizazi cha nane huwa na Core i5-8500, na mini ya kizazi hicho huwa na Core i5-8500T. Herufi ya mwisho inaonyesha kwamba prosesa imewekewa kikomo cha wati 35 badala ya 65, kwa hiyo hupungua kasi inapobebeshwa kazi nzito kwa muda mrefu. Mhasibu anayefanya kazi na jedwali la Excel lenye mistari elfu kumi huku akiwa amefungua ukurasa wa TRA hataiona tofauti hiyo.

Tofauti kubwa hujitokeza siku kifaa kinapoharibika. Umbo la kasha ndilo linaloamua umeme unaingia kupitia pawa saplai ya aina gani, skrini ikifa inaondoka na nini, na diski na RAM hufikiwa kwa bisibisi moja au kwa nusu siku ya kubandua plastiki. Katika miji yetu jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu spea isiyopatikana mjini huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, na ikikosekana Kariakoo basi huagizwa nje ya nchi. Ndiyo maana naona ofisi yenye watu watatu hadi sita hufanya vizuri ikinunua mini za modeli moja pamoja na monita za kawaida, ikaongeza mnara mmoja wa kutunzia mafaili, na ikaiachia ol-in-wani nafasi chache sana.

Tuichukue ofisi ya uhasibu iliyo ghorofani katikati ya Moshi. Chumba ni cha mita nne kwa tatu na nusu, kina meza nne za upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 60, kabati la mafaili na kiti cha mteja. Wafanyakazi ni wanne. Kazi zao ni hesabu za wateja, mishahara na marejesho ya kodi, na zina tarehe zisizosogea: kodi ya mishahara ifikapo tarehe 7, na marejesho ya VAT ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kompyuta ikifa tarehe 18, swali linalomhangaisha mkurugenzi ni moja tu, nalo ni kama kazi itakuwa imerudi mezani kesho asubuhi.

Nafasi, maji ya kudeki na vumbi

Mnara wa ukubwa wa kati una urefu wa sentimita 35 hivi, upana wa 15 hadi 18 na kina cha karibu 30. Ukiuweka juu ya meza ya sentimita 120 pamoja na monita, printa ndogo na mafaili mawili yaliyofunguliwa, mhasibu hubaki akiandika pembeni. Kwa hiyo mnara hushushwa sakafuni, na hapo hupata matatizo yake ya kila siku. Hupigwa teke, soketi yake hulegezwa na viatu, na asubuhi mtu anayedeki hupitisha tambara lenye maji sentimita chache kutoka kwenye matundu ya hewa. Vumbi nalo hutulia chini kuliko mahali pengine. Anayeijua Arusha au Moshi wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, anajua jinsi vumbi laini linavyoingia hata dirisha likiwa limefungwa. Feni ya mnara huivuta hewa hiyo siku nzima na kujenga utando kama wa sufi kati ya feni na bati la kupozea prosesa. Dalili yake ni feni inayovuma kwa nguvu hata kompyuta ikiwa imetulia, na baadaye kompyuta kujizima yenyewe mchana. Atakayeweka mnara sakafuni auinulie kibao au tofali zinazoubeba walau sentimita kumi kutoka chini, na ampe fundi kazi ya kuupuliza kwa bloa mara moja kila baada ya miezi minne hivi.

Ila katika hili mnara una heri yake. Bati la ubavuni hufunguka kwa skrubu mbili au kwa kitasa, na usafishaji wote huchukua robo saa. Mini pia hufunguka kwa urahisi, kwa kuwa modeli nyingi za ofisi hushikwa na skrubu moja kubwa nyuma kisha kifuniko hutelezeshwa, lakini feni yake ni ndogo na njia ya hewa ni nyembamba, hivyo vumbi kidogo huisumbua mapema zaidi. Mini iliyofungwa nyuma ya monita, juu ya meza, hukaa mbali na sakafu na hupata nafuu kubwa. Mashimo ya kuifungia yapo nyuma ya monita nyingi, yakiwa manne katika mraba wa milimita 100 kwa 100. Hata hivyo, kuna monita ambazo stendi yake yenyewe imefungwa kwenye mashimo hayo hayo, na mnunuzi hugundua akiwa ofisini kwamba mini haina pa kukaa.

Mini ina udhaifu mwingine usiosemwa dukani, nao ni kwamba huingia kwenye mkoba wa kawaida. Mnara hauibiwi kimyakimya mchana. Mini huibika wakati mhasibu ameenda kupiga chapa barua. Ikiwa imefungwa nyuma ya monita kwa skrubu na kufuli ya kebo imepitishwa katika tundu lake, mwizi atahitaji muda ambao kwa kawaida hana.

Umeme ndio unaotofautisha zaidi

Watu husema mini huokoa umeme, na ni kweli, lakini tupige hesabu kabla ya kuifanya kuwa sababu ya kununua. Tukikadiria kwamba mini hutumia wati 30 pungufu ya mnara katika kazi za kawaida, kwa saa 8 na siku 22 za kazi tunapata uniti 5.3 kwa mwezi kwa kila kompyuta, au uniti 21 kwa kompyuta nne. Kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 7,400 kwenye LUKU ya mwezi. Si pesa ya kutupa, lakini haitoshi kubadili uamuzi wa manunuzi.

Faida yenyewe huonekana umeme unapokatika. UPS ndogo ya 650 VA inayouzwa kila duka huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani hifadhi ya wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa vitendo, sehemu kubwa hupotea katika kugeuza umeme na katika tabia ya betri ndogo kuchoka haraka inapovutwa kwa nguvu, hivyo ni busara kuhesabu chini ya nusu. Mini na monita yake ya inchi 22 huvuta kama wati 40 kwa pamoja, na UPS hiyo ikiwa mpya hukupa kama dakika 40. Mnara na monita ya aina hiyo hiyo huvuta wati 70 au zaidi, na muda hushuka hadi nusu ya huo. Dakika 40 hutosha kumalizia rejesho na kulituma kupitia mtandao wa simu. Dakika 20 hutosha kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza isiunganishwe kabisa kwenye UPS ya namna hiyo, kwa sababu inapopasha joto huvuta umeme unaoizidi UPS nguvu na kuwazimia wote.

Sasa tuangalie pawa saplai yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayopokea mapigo ya umeme unaporudi kwa kishindo, na katika ofisi nyingi ndiyo hufa kabla ya vitu vingine. Kwa mnara wa kuunganishwa na fundi, pawa saplai ni ya kawaida yenye plagi ya pini 24, na fundi yeyote wa Arusha anayo moja kwenye rafu. Huo ndio msingi wa sifa ya mnara kwamba hutengenezeka kirahisi. Tatizo ni kwamba minara mingi inayouzwa si ya aina hiyo. Minara ya ofisi ya Dell na HP ya miaka ya karibuni ina pawa saplai za umbo la kiwanda, zenye plagi ndogo ya pini chache na wati 180 hadi 260 hivi. Pawa saplai ya pini 24 haiingii bila waya wa kugeuzia, na mara nyingine haitoshei hata kwenye kasha. Mnunuzi anayeambiwa "mnara una spea kila mahali" amwombe muuzaji afungue ubavu, kisha ahesabu pini kwenye plagi inayoingia katika mazabodi. Zikiwa 24, maneno yale ni ya kweli. Zikiwa sita au nane, ananunua kifaa chenye spea ya modeli moja, tena iliyofichwa ndani ya kasha.

Mini imeuhamishia mzigo huo nje. Umeme wake hubadilishwa na adapta kama ya laptopu, na ikipigwa na umeme, mara nyingi adapta ndiyo hufa huku mazabodi ikinusurika. Adapta hubadilishwa na mtu yeyote kwa sekunde chache bila bisibisi. Mini nyingi za ofisi za HP hutumia volti 19.5 na wati 65 au 90, zikiwa na plagi ile ile ya laptopu za HP za kipindi hicho, kwa hiyo ofisi yenye laptopu ya HP huenda tayari ina spea ndani ya droo. Dell nayo hutumia volti 19.5, na ThinkCentre za Tiny hutumia volti 20 zenye plagi ya mstatili.

Hapa kuna mitego miwili inayostahili kuelezwa polepole. Wa kwanza ni wa Dell: katikati ya plagi kuna pini nyembamba inayoiambia kompyuta hii ni adapta ya wati ngapi. Ukiweka adapta ya bandia isiyojitambulisha, kompyuta huwaka lakini huonyesha ujumbe kwamba aina ya adapta haijatambulika, kisha huipunguza prosesa kasi kwa makusudi. Mtumiaji hulalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, fundi huweka Windows upya, na tatizo hubaki pale pale. Mtego wa pili uko kwenye mini mpya za bei nafuu, hasa zile zenye prosesa ya Intel N100. Nyingi kati yake hutumia volti 12 kupitia plagi ya duara ya milimita 5.5, na plagi ya umbo hilo hilo hutumika pia kwenye adapta nyingi za volti 19. Volti 19 ikiingia katika mazabodi ya volti 12, mazabodi huweza kuungua papo hapo. Adapta za kamera za ulinzi ni za volti 12 na zimejaa mjini, lakini nyingi hutoa ampea mbili tu, hivyo mini hukubali kuwaka kisha hujizima inapoanza kazi. Kabla ya kuchomeka adapta yoyote ngeni, soma kibandiko chake: volti ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye kompyuta, ampea ziwe sawa au zaidi. Kwa ofisi yetu ya Moshi, adapta moja ya ziada inunuliwe siku ile ile ya kompyuta na iandikwe jina la modeli kwa kalamu ya wino mzito.

Skrini inapokufa

Monita ya mnara au ya mini ikifa, huazimwa ya jirani na kazi inaendelea. Ol-in-wani haina uhuru huo. Skrini yake ni paneli ya modeli hiyo, imefungwa kwa kebo nyembamba inayokwenda moja kwa moja kwenye mazabodi, na katika modeli nyingi kioo cha mbele kimegandishwa kwa gundi au kushikwa na vibano vya plastiki vinavyovunjika kwa mkono usiozoea. Kumpelekea fundi maana yake ni kubeba skrini, kompyuta na mafaili yote ya ofisi kwa pamoja, aghalabu kwenye bodaboda.

Skrini ikiwa nyeusi, kuna vipimo viwili vya kufanya kabla ya kuibeba. Washa kompyuta, zima taa ya chumba, kisha mulika tochi ya simu kwa mshazari karibu kabisa na kioo. Ukiona alama za Windows kwa hafifu, picha ipo na kilichokufa ni taa ya nyuma ya skrini au umeme wake, jambo ambalo fundi mzuri huweza kulitibu. Usipoona kitu, tafuta tundu la HDMI la kutoa picha, ukaunganishe monita au televisheni ya nje. Picha ikitokea huko, kompyuta ni nzima, na unaweza kuitumia hivyo hadi tarehe 20 ipite. Baadhi ya ol-in-wani zina pia tundu la HDMI la kuingiza picha. Hilo ni la thamani kinyume chake, kwa kuwa mazabodi ikifa skrini bado hutumika kama monita ya kompyuta nyingine. Mnunuzi aliyekwisha kuamua kuchukua ol-in-wani atafute yenye matundu hayo yote mawili.

Je, kuna mahali inapofaa? Ninaona moja. Kampuni ya utalii ya Arusha yenye kaunta nyembamba, ambapo mgeni huketi upande wa pili na kuonyeshwa ratiba ya safari yake, hupata faida ya waya mmoja tu na meza safi. Kompyuta hiyo isihifadhi chochote ambacho hakipo kwingine. Ikiwa ni modeli ya ofisi, kama zile za ProOne au OptiPlex, nyuma yake kuna kifuniko kinachoifikia RAM na diski bila kugusa kioo. Kinyume kabisa ni iMac za kuanzia 2021, ambazo RAM na hifadhi haziongezeki baada ya kununuliwa, kwa hiyo ukubwa unaochagua dukani ndio utakaozeeka nao.

Kuboresha: RAM, diski na pale mnara unapokoma

Mnara husifiwa kwamba "unaongezeka". Kwa ofisi ya uhasibu, nyongeza zinazofanyika kweli ni mbili tu, nazo ni kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, na kupandisha RAM kutoka GB 4 au 8 hadi 16. Zote mbili hufanyika katika mini ya ofisi sawa na katika mnara, kwa kuwa mini hizo huwa na nafasi mbili za RAM ndogo ya laptopu, nafasi ya SSD ya kubandika ya M.2, na mara nyingi nafasi ya diski ya inchi 2.5. RAM ya laptopu hupatikana mjini kwa wingi hata kuliko ya mnara, kwani laptopu ni nyingi. Kubadili prosesa, ambako ndiko watu hukutaja, hukomea karibu: mazabodi ya Intel ya kizazi cha sita na cha saba ina tundu la prosesa linalofanana kwa macho na la kizazi cha nane, lakini haiikubali prosesa ya kizazi cha nane. Anayenunua mnara wa kizazi cha saba akitumaini kuupandisha baadaye atabaki hapo hapo.

Na kizazi cha nane si namba ya kupuuza. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hukubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha nane, zikiwa na TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ya kompyuta inayotunza funguo za siri. Kompyuta ya kizazi cha sita yenye kasha kubwa na nafasi tele za kuongezea vitu ina kikomo ambacho hakuna skrubu ya kukiondoa.

Tahadhari ya mini ni RAM iliyochomelewa. Modeli za ofisi haziko hivyo, lakini baadhi ya mini mpya za bei nafuu zina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi au nafasi moja tu. Dukani, kompyuta ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance kisha Memory, na usome mstari wa Slots used. Ukiona 1 of 2, kuna nafasi ya kuongeza. Ukiona neno Row of chips kwenye Form factor, RAM imechomelewa.

Mnara unastahili kubaki pale penye mafaili ya pamoja. Katika ofisi yetu ya Moshi, meza ya kona inapewa mnara mmoja wenye SSD ya kuendeshea Windows na diski mbili za inchi 3.5, moja ya folda za wateja na ya pili ya nakala ya kila jioni. Nakala ya tatu hukaa kwenye diski ya nje inayoondoka ofisini, maana mwizi au moto haubagui diski. Mnara pia una nafasi za kadi, na ofisi ambayo bado ina printa ya zamani ya kugonga yenye plagi pana huweza kuiwekea kadi yake humo.

Tarehe 18

Meza nyingine tatu zina mini za modeli moja, na mini ya nne ya modeli hiyo imewekwa kabatini ikiwa haina diski. Tuseme mini ya mhasibu mkuu haiwaki. Hatua ya kwanza ni kubadili adapta. Ikikataa, kifuniko kinafunguliwa, SSD inatolewa, inawekwa katika mini ya kabatini, na kompyuta inawashwa. Kwa kuwa vifaa vya ndani ni vilevile, Windows huamka ikiwa na programu, mafaili na printa zake zote. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa mtu asiye fundi, na ndiyo sababu nasisitiza modeli moja. Ofisi iliyonunua mini tatu za makampuni matatu kwa sababu ya ofa ina adapta tatu tofauti na haina njia hii ya mkato.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kuuharibu mpango wote, nacho ni usimbaji wa BitLocker, unaoifunga diski isisomeke bila ufunguo wa siri. Windows 11 huweza kuuwasha yenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wake hufungamana na TPM ya mazabodi ya mwanzo. SSD ikihamia kwenye kasha jingine, skrini ya bluu hudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao hana mafaili. Basi kila kompyuta ikiwa bado nzima, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Kama diski imesimbwa, chini ya Numerical Password utaona tarakimu hizo. Zichapishwe na kuwekwa kwenye sanduku la nyaraka, zikiwa na jina la kompyuta husika.

Yabaki mambo machache ya kuangalia kaunta kabla ya kulipa. Andika tpm.msc na uhakikishe Specification Version ni 2.0. Angalia matundu ya picha ya mini, kwa kuwa modeli kadhaa za HP zina DisplayPort pekee, ilhali monita nyingi zilizotumika zina VGA tu. Kigeuzi cha kati ya hizo mbili kidaiwe kiwemo katika bei. Zima kompyuta, toa waya wa umeme kwa dakika tano, iwashe tena na utazame saa. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 imekwisha, na kurasa za benki na za TRA zitakataa kufunguka hadi saa irekebishwe. Betri yenyewe ni ya bei ya chini na hubadilishwa hapo hapo. Mwishoni ingia kwenye mipangilio ya BIOS, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP au F1 kwenye Lenovo. Ikikudai nywila, ni ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki awali. Muuzaji aifungue mbele yako, au akupe nyingine.